Meseji ya Kazi Ikija: Tuijibu Lini, na kwa Haraka Gani?



Vikundi vingi vinavyosoma kijarida hiki vina watoto wao Nairobi, katika mitaa ya Eastlands: Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi, Buruburu na kwingineko. Zamani kijana wa mitaa hiyo aliamka alfajiri, akatembea hadi Eneo la Viwanda, akasimama kwenye lango la kiwanda akingoja kuitwa. Wengine wanasimama hapo hata leo. Lakini nafasi nyingi siku hizi huanzia kwenye simu. Mtu wa kuandika wafanyakazi huona jina lako mahali, au hupewa namba yako na rafiki, kisha hutuma meseji: kuna kazi, je, uko tayari?

Hapo ndipo maswali huanza. Nijibu sasa hivi, au nitaonekana nina njaa sana? Nikingoja kesho, si nafasi itakuwa imeenda? Na kama meseji imekuja saa tatu usiku, ni heshima kujibu saa hiyo? Tumeulizwa mambo haya na vijana, na pia na wazazi walio mashambani ambao hupigiwa simu wachangie pesa za "kazi imepatikana". Kwa hivyo tumeona tuyaeleze polepole.

Jambo la kwanza kujua ni hili: hakuna mwendo mmoja unaofaa kila meseji. Haraka ya kujibu inategemea kazi yenyewe inaanza lini. Saa ya kujibu inategemea saa za kazi za yule aliyekuandikia. Ukitenganisha mambo hayo mawili, mengine yote huwa rahisi.

Upande wa pili wa simu kuna nini

Tuangalie kwanza kazi ya huyo anayekuandikia. Tuseme kampuni inataka karani mmoja wa stoo. Wakala haandikii mtu mmoja. Huwaandikia watu kadhaa kwa pamoja, maana anajua wengine wamepata kazi tayari, wengine wamebadilisha namba, na wengine hawatajibu. Wanaojibu vizuri huwaweka kwenye orodha fupi, labda watu wanne au watano, halafu hupeleka orodha hiyo kwa mwajiri. Orodha ikishajaa, yeye huacha kutafuta. Ukijibu baada ya hapo, hata kama unafaa kuliko wote, utaambiwa "tutakukumbuka siku nyingine".

Kwa hivyo si kweli kwamba wa kwanza kujibu ndiye huandikwa. Aliyejibu baada ya dakika mbili na aliyejibu baada ya saa mbili huingia kwenye orodha ile ile. Hasara ni kwa yule anayejibu siku ya tatu. Ni sawa na kupanda matatu. Si lazima uwe wa kwanza mlangoni, ila gari likishajaa linaondoka.

Aina tatu za meseji

Meseji ya kwanza ni ya kibarua cha kesho. Msimamizi wa ghala au wa ujenzi anahitaji watu kumi asubuhi, naye anaandika jioni. Hii haingoji. Ijibu mara unapoiona, hata kwa maneno matatu: "Nipo, nitafika." Ikipita saa moja bila jibu, amekwisha kuita mtu mwingine. Hapa hata saa mbili au saa tatu usiku si vibaya kujibu, kwa sababu yeye mwenyewe yuko macho akihesabu watu wake wa kesho.

Meseji ya pili ni ya kazi ya mwezi: karani, dereva, mhudumu wa duka, fundi, mtu wa ofisi. Hii inataka jibu siku ile ile ya kazi, au kabla ya saa sita mchana wa siku inayofuata ikiwa iliingia jioni. Ukijibu baada ya saa moja au mbili hutaonekana mwenye njaa. Utaonekana mtu anayeangalia simu yake na kuchukua kazi kwa makini. Ikiwa meseji imeingia Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi haijachelewa. Ila usiingie saa mbili kamili, kwa maana Jumatatu saa hiyo simu ya wakala imejaa meseji za mwisho wa juma. Saa tatu na nusu au saa nne ni bora.

Meseji ya tatu ni ya kazi ya ng'ambo, hasa nchi za Ghuba. Hii ndiyo huja na haraka nyingi kuliko zote, na ndiyo inayotaka utulivu mwingi kuliko zote. Kazi ya halali ya ng'ambo ina pasipoti, kupimwa afya, mkataba na viza, na mambo hayo huchukua majuma au miezi. Kazi inayochukua miezi kuandaliwa haiwezi kuharibika kwa sababu wewe ulilala usiku mmoja ukifikiri. Jibu kwamba umepokea, halafu chukua siku mbili au tatu za kuuliza.

Jibu fupi kwanza, jibu kamili baadaye

Wengi huchelewa kwa sababu wanataka kutuma kila kitu kwa mara moja. Wasifu wa kazi haujarekebishwa, bando imeisha, chumba hakina stima, basi wanasema "nitajibu tu nikipata nafasi". Siku mbili zinapita. Dawa yake ni kugawa jibu mara mbili.

Jibu la kwanza ni fupi na linaweza kuandikwa hata ukiwa kwenye matatu Jogoo Road: "Habari ya asubuhi. Asante kwa ujumbe wako kuhusu kazi ya stoo. Ninaitaka nafasi hiyo. Nitakutumia wasifu wangu leo kabla ya saa kumi jioni." Jibu hili linakuweka kwenye orodha na kukupa muda wa kutayarisha lile la pili. Lakini angalia: ukisema kabla ya saa kumi, iwe kabla ya saa kumi. Kuahidi saa na kuivunja ni kubaya kuliko kuchelewa bila kuahidi.

Kama aliandika kwa Kiingereza, mjibu kwa Kiingereza. Kama aliandika kwa Kiswahili, mjibu kwa Kiswahili. Usijibu kwa kumtumia ile meseji ya bure ya "Please Call Me". Anaweza kukupigia, lakini umeanza kwa kumwomba kredo mtu unayemwomba kazi. Ni afadhali ukope kredo ya Okoa Jahazi kuliko hivyo.

Tena kuna jambo la alama za bluu kwenye WhatsApp. Ukifungua ujumbe, mwenzako huona kwamba umeusoma. Ujumbe uliosomwa saa nne asubuhi na kunyamaziwa hadi kesho yake hufanya mtu adhani hutaki. Kwa hivyo ukiufungua, tuma lile jibu fupi papo hapo. Kama huna nafasi, usome juu juu pale unapotokea kwenye kioo cha simu, uufungue utakapokuwa tayari.

Saa zipi zinafaa

Ofisi nyingi za Nairobi hufanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na mapumziko ni saa saba hadi saa nane mchana. Jibu likifika kati ya saa mbili na nusu na saa tano asubuhi, wakala bado ana siku nzima mbele yake ya kulishughulikia. Saa nane hadi saa kumi alasiri pia ni nzuri. Likifika saa kumi na moja kasoro dakika tano, litalala hadi kesho chini ya mengine.

Usiku je? Ikiwa yeye mwenyewe amekuandikia saa moja usiku na unaona bado yuko kwenye simu, jibu fupi kabla ya saa tatu usiku halina ubaya. Baada ya hapo, ngoja asubuhi. Jibu la saa saba usiku halikunyimi kazi peke yake, lakini simu inaweza kumwamsha mtu, na mwingine hujiuliza kama wewe ni mtu wa kulala saa hizo ukatarajiwa kazini saa mbili.

Najua wako watakaosema: mimi ni mlinzi wa usiku, saa kumi alfajiri ndiyo saa yangu ya kupumua. Basi andika jibu lako saa hiyo, ulisome tena, uliache bila kulituma. Asubuhi unapotoka lindo, saa mbili na robo, bonyeza kutuma. Kama ni barua pepe ya Gmail, kuna mahali pameandikwa "Schedule send". Ukipabonyeza unachagua saa, na barua itaondoka yenyewe wewe ukiwa umelala.

Na ambaye tayari ana kazi asijibu akiwa mbele ya msimamizi wake, wala kwa simu au kompyuta ya mwajiri. Saa nne ya chai na saa saba ya chakula zinatosha. Wakala mwenye busara hatakulaumu kwa hilo, kwa sababu anataka mtu asiyeiba saa za mwajiri wake.

Kwa kazi za Ghuba, kumbuka saa na siku za huko. Saudia, Katari na Kuweiti wana saa sawa na zetu. Dubai na Omani wametangulia kwa saa moja. Saudia hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili huwa kazini. Dubai ofisi za serikali zilibadilisha mwanzoni mwa 2022, sasa hupumzika Jumamosi na Jumapili na kufanya nusu siku Ijumaa. Kwa hivyo mtu wa Riyadh asipokujibu Ijumaa, usidhani amekukataa.

Mtego wa saa yetu na saa yao

Kuna kosa moja linalowapotezea watu nafasi bila wao kujua sababu. Sisi tukizungumza, saa nne asubuhi ni saa nne. Kwenye simu na kwenye meseji za ofisi, saa hiyo huandikwa 10:00. Ukiandika kwa haraka "nitakuja saa 10", mwingine ataelewa saa nne asubuhi, mwingine ataelewa saa kumi jioni. Ukiambiwa "9 AM", hiyo ni saa tatu asubuhi. "3 PM" ni saa tisa alasiri. Unapothibitisha, rudia saa kama yeye alivyoiandika, na uongeze neno asubuhi au alasiri na jina la siku. Hapo hakuna wa kupotea.

Tufuate mfano mmoja

Tuchukue binti wa Kayole aliyesomea kazi za stoo na sasa anauza nguo katika soko la Mutindwa. Jumanne saa mbili na nusu usiku inaingia meseji: kuna nafasi ya karani wa stoo Eneo la Viwanda, atume wasifu na aseme kama atapatikana Alhamisi. Yeye anaiona saa nne usiku baada ya kufunga na kufika nyumbani.

Hii ni meseji ya aina ya pili, kwa hivyo hajibu usiku huo. Anaandika jibu, analiacha. Anatafuta wasifu wake kwenye simu na kuhakikisha namba iliyoandikwa juu ni ile anayotumia sasa. Jumatano saa mbili na robo anatuma: anashukuru, anasema Alhamisi atapatikana, anaweka wasifu, na anauliza mambo mawili, yaani jina la kampuni na mahali pa mahojiano. Hatumi picha ya kitambulisho, maana bado hajui anamtumia nani.

Saa nne na nusu wakala anapiga simu, naye yuko na wateja, na kelele ni nyingi. Angeweza kuacha simu ilie, au kuzungumza bila kusikia vizuri. Anapokea na kusema: "Habari, asante kwa kupiga. Niko mahali pa kelele. Naweza kukupigia saa nane mchana?" Wanakubaliana. Saa nane kamili anapiga. Anaelezwa jina la kampuni, barabara, na kwamba mahojiano ni "9 AM". Baada ya simu anaandika meseji moja: "Nathibitisha Alhamisi, 9 AM asubuhi." Sasa kuna maandishi. Lolote likibadilika, pande zote mbili zina kitu cha kurejelea.

Mahojiano yanapokwisha, kabla ya kuinuka anauliza: "Mtatoa jibu lini?" Anaambiwa Jumatano ijayo. Swali hilo dogo linamwokoa na mashaka ya juma zima. Jumatano ikipita kimya, anangoja siku mbili za kazi, halafu Ijumaa saa nne asubuhi anauliza mara moja kwa upole. Akinyamaziwa tena, anaweza kuuliza mara ya mwisho baada ya juma moja. Baada ya hapo anaacha. Kuuliza kila siku hakuongezi nafasi, na humfanya wakala asitake kuona namba yako hata kazi nyingine ikitokea.

Haraka ambayo si ya kazi

Sasa tufike mahali ambapo vikundi huumia. Kuna meseji ambayo haraka yake si ya kazi, ni ya pesa. Unajibu tu, na baada ya dakika tano unaambiwa umechaguliwa, bila kuulizwa umesoma nini. Kisha: tuma shilingi elfu mbili za fomu, au elfu kumi na tano za kupimwa, kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Malipo yanakwenda kwa namba ya mtu binafsi ya M-Pesa.

Ona tofauti. Mtu anayetafuta mfanyakazi ana haraka ya kujua kama utafika. Mwizi ana haraka ya pesa zifike. Kipimo chake ni rahisi: mjibu, "Asante, nitakujibu kesho saa tatu asubuhi baada ya kuuliza ofisini." Wa kweli atakubali, au atasema orodha imejaa na kukutakia heri. Wa uongo atapiga simu mfululizo, atapunguza bei, au atakutukana.

Usiku huo mmoja uutumie kuuliza. Kenya wakala wa ajira ni lazima awe amesajiliwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, hutangaza kwenye mtandao majina ya mawakala waliosajiliwa. Tafuta jina kamili, na uangalie kama usajili wake haujaisha muda. Tena tangu 2022 sheria ya ajira haimruhusu mwajiri kudai vile vyeti vya kuidhinishwa kabla hajakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Kwa hivyo usikimbilie kulipia vyeti kwa sababu ya meseji ya kwanza. Ikiwa pesa zimekwisha kutumwa, peleka ile meseji ya M-Pesa kwa namba 456 mara moja. Hapa dakika zina maana kweli, kwa sababu aliyepokea akishazitoa, kurudishiwa ni vigumu sana.

Kijana aliyeshikwa na haraka hii hupigia simu nyumbani. Mama hupigia mwekahazina wa kikundi usiku. Sanduku hufunguliwa kabla ya kikao, na pesa za mbegu au za karo huondoka. Kwa hivyo tunashauri kikundi kiandike kanuni moja katika kitabu chake: mkopo wa kulipia kazi hautolewi siku ile ile ulioombwa, na hautolewi kabla wanachama wawili hawajaona jina la wakala kwenye orodha ya Mamlaka. Kanuni hiyo pia humsaidia kijana. Akisukumwa anaweza kusema kwa ukweli, "Pesa ni za kikundi, nacho hakikutani usiku."

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nani kati yetu aliye na mtoto anayetafuta kazi Nairobi? Je, anajua kutofautisha meseji ya kibarua cha kesho na meseji ya kazi ya ng'ambo?

2. Meseji ya karani imeingia Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Ungeijibu siku gani na saa ngapi? Kwa nini?

3. Je, mwekahazina wetu anaruhusiwa kutoa mkopo nje ya kikao? Kama ndiyo, tubadilishe nini?